Kisanduku cha Kuizungusha Saa ya Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na katika maisha yangu ya ufundi saa hakuna kitu kilichonipandisha mori kama kile kisanduku. Hata leo nikikikumbuka natamani kukipiga teke, halafu naanza kucheka.

Miaka hiyo ya themanini meza yangu ilikuwa Karatu, kwenye baraza ya duka, bega kwa bega na cherehani ya fundi nguo. Barabara ya kwenda Ngorongoro ilipita hapo hapo mbele, na kila gari lililopita lilitumwagia vumbi jekundu. Fundi nguo alilaani, mimi nilifunika saa zangu kwa bakuli la kioo na kushukuru moyoni, maana vumbi lile ndilo lililonilisha. Madereva wa Land Rover za watalii walishuka kreta na kupanda, wakarudi na saa zilizojaa mchanga mpaka kwenye meno.

Madereva walipenda saa za otomatiki. Ndani ya saa ya namna hiyo mna kipande kizito cha chuma, nusu duara, ambacho sisi mafundi wa Karatu tulikiita bawa. Mkono ukicheza, bawa linazunguka, na linapozunguka linakaza springi. Springi ikishajaa haikatiki, inateleza tu ndani ya kopo lake, kwa hiyo mtu anaweza kurukaruka na gari kutwa nzima bila kuiharibu kwa kuikaza kupita kiasi. Kwa barabara zetu za wakati ule, saa ya dereva ilishiba kabla hajamaliza chai. Lakini uivue, uiweke kabatini siku mbili, utaikuta imesimama. Si ugonjwa huo. Imekosa mkono tu.

Baba mkwe wangu alikuwa na saa kama hiyo. Alikuwa ameendesha trekta kwenye shamba la kahawa tangu ujana wake mpaka masikio yakaanza kuwa mazito, na siku anaacha kazi mwenye shamba alimvalisha ile saa mkononi mbele ya wafanyakazi wote. Akarudi kwake Rhotia, akalima mahindi na maharage kama jirani zake, na kanisani wakampa kazi ya kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya trekta iliyoning'inizwa kwenye mti nyuma ya kanisa, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Aliipiga asubuhi watoto waondoke kwenda shule, akaipiga mchana watu watoke shamba, akaipiga jioni, na Jumapili aliipiga kwa madaha kuliko siku zote. Nilimwambia mke wangu mara nyingi kwamba baba yake anaipenda rimu ile kuliko alivyowahi kunipenda mimi. Mke wangu akasema hilo halina ubishi.

Masika moja aliteleza kwenye matope akitoka zizini, akavunjika mguu. Hospitali walimfunga plasta kutoka pajani mpaka kwenye unyayo, wakamrudisha nyumbani na amri ya kulala. Yeye akaona mambo ni mepesi: atalala na saa yake mkononi karibu na dirisha, muda ukifika atampigia mkewe kelele, naye mama mkwe atakwenda kuigonga rimu. Wakafanya hivyo. Siku za mwanzo mambo yakaenda vizuri, kwa sababu mzee alikuwa bado anahangaika na maumivu, anajigeuza huku na huku. Maumivu yalipotulia, naye akatulia. Mkono ukalala juu ya blanketi, bawa likalala nao, na alfajiri ya Jumapili saa ikasimama.

Siku hiyo Rhotia nzima ilichelewa kanisani. Mchungaji alihubiria mabenchi. Wazee wa kanisa walikuja kumpa pole mgonjwa, wakanywa maziwa, na kabla hawajaondoka wakamwambia kwa upole kwamba yuko mzee mwenzao ana saa mpya ya betri isiyosimama hata ikiwekwa juu ya kaburi. Kengele ikikosewa tena, basi yeye apumzike, huyo mwenzake ashike rimu.

Nilipofika jioni yake, nikitokea Karatu na baiskeli, nilimkuta ameugeukia ukuta. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka.

"Mkwe," akasema, "wanataka kuninyang'anya kengele."

Sauti yake iliniumiza. Mtu aliyevunjika mguu bila kulia alikuwa sasa yuko karibu na kulia kwa ajili ya rimu.

Nikaishika saa, nikaiweka sikioni, nikaizungusha polepole kama mtu anayesuuza kikombe. Ikaanza kwenda. Ila nilisikia jambo jingine: bawa lilikuwa linakwaruza. Ile saa haikuwahi kuonja mafuta mapya tangu siku ya kuagwa kwake. Nikamweleza, kwa adabu inayompasa mkwe, kwamba saa yake haina ubovu mkubwa, inataka kusafishwa na kutiwa mafuta, na akiniachia kwa siku chache nitamwazima saa yangu mwenyewe. Na kwa sasa, kwa kuwa kifundo cha pembeni ya saa ile kilikuwa cha kurekebisha mishale na tarehe tu, si cha kukazia, basi aizungushe kwa mkono asubuhi na jioni.

"Kengele ya kanisa siipigi kwa saa ya kuazima," akasema. "Na kuzungushazungusha nitasahau. Mimi ni mgonjwa."

Mtu huwezi kubishana na baba mkwe. Nikaenda kwa mama mkwe jikoni kula makande.

Wiki hiyo hiyo akatokea shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtunza stoo wa hoteli moja kule juu ukingoni mwa kreta. Shemeji alikuwa mtu wa viatu vya kung'aa na maneno ya wageni. Alikuja amekumbatia kisanduku cha mbao chenye kifuniko. Mgeni mmoja aliyefunga safari kurudi kwao alikuwa amemwachia zawadi. Ndani mlikuwa na mto mdogo wa kuvalishia saa, na mto ule uliunganishwa na mota iliyotumia betri kubwa, zile tunazoziita mawe. Ukiwasha, mto unazunguka taratibu na saa yako juu yake, usiku na mchana, na bawa linadhani liko mkononi mwa mtu.

Mzee alikifurahia kile kisanduku mpaka rangi ikamrudi usoni. Saa ikavalishwa mto, kifuniko kikafungwa, kisanduku kikapandishwa juu ya kabati upande wa pili wa chumba. Wakapatana kwamba muda ukikaribia mama mkwe atakifunua na kumsomea mzee mishale, naye mzee atahesabu dakika zilizobaki na kupiga kelele "tayari" ili aende kugonga.

Kesho yake alfajiri mama mkwe akakifunua. Mto ulikuwa unazunguka vizuri kabisa. Saa ilikuwa imesimama.

Kwa bahati jogoo wake alikuwa mwaminifu, na kulikuwa kumepambazuka kiasi cha kuona rimu, basi akaigonga kwa kukisia na hakuna aliyejua. Lakini nikaitwa mbio. Shemeji alikuwa bado yupo, amenuna, maana zawadi yake ilikuwa imemwaibisha.

Niliifungua saa pale pale juu ya stuli, lenzi jichoni. Nikalisukuma bawa kwa ncha ya kibano upande wa kulia: likateleza bure, hakuna gurudumu lililosogea. Nikalisukuma upande wa kushoto: magurudumu yakafuata, springi ikakazwa. Kumbe ilikuwa saa ya upande mmoja. Zipo zinazokazwa bawa liende huku au huko, na zipo kama hii, zinazotaka upande wao tu. Kisanduku cha shemeji kilikuwa kimeizungusha usiku kucha kwa upande wa kinyume. Bawa limetembea safari nzima, ekseli kavu imesagika, na springi haikupata kitu.

Hapo ningeweza kufunga mdomo wangu. Mzee angekichukia kisanduku, nami ningeshinda bila kutoka jasho. Lakini rafiki yangu, ufundi una ushetani wake: ukishaona kosa, vidole vinawasha. Nikayatoa mawe, nikayageuza vichwa chini, nikayarudisha. Mota ikageuka, mto ukaanza kuzunguka upande wa pili. Saa ikaamka.

"Umeona!" shemeji akaruka. "Mashine haina kosa. Ulaya saa haikai bila hii. Inafanya mafuta yasigande."

"Shemeji, mafuta yanakauka saa ikitembea, yanakauka ikilala," nikasema. "Hii inazuia mishale isisimame, basi. Haitibu. Na saa hii tayari ni kavu. Kuizungusha usiku na mchana bila kupumzika, hata baada ya springi kujaa, ni kusaga chuma kwa chuma. Kama unaipenda, niachie kwanza niioshe."

"Unasema hivyo kwa sababu saa ikitengemaa wewe hupati kazi."

Niliinuka. Nakiri kwamba kibano kilikuwa bado mkononi, na shemeji alirudi nyuma kwa hofu zaidi kuliko kibano kinavyostahili. Mzee akapiga plasta yake kwa fimbo.

"Kaeni chini wote wawili. Nani ananipigia kengele? Mashine. Iacheni mashine ifanye kazi."

Basi ikafanya kazi. Nami nikirudi Karatu nilimsimulia fundi nguo kila siku, mpaka akaniomba, kwa heshima zote, nitafute habari nyingine. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu. Ekseli ya bawa ikilika sana, bawa linaanza kugusa mfuniko na daraja zinazoshikilia magurudumu, na mimi sikuwa na kipuri cha saa ile, wala Arusha sikujua nitakipata kwa nani. Kama ingekufa mikononi mwa kile kisanduku, mzee angepoteza saa na kengele kwa siku moja.

Halafu mawe yakaisha. Wanaokumbuka miaka ile watajua maana yake. Sabuni ilitafutwa, sukari ilitafutwa, mawe ya tochi ndiyo usiseme. Shemeji alituma habari kwamba hata stoo ya hoteli hayamo. Mzee akaamuru yatolewe mawe ya redio.

Redio ile ilikuwa ya mama mkwe. Alikuwa akiinunulia mawe kwa mayai yake, akiiweka dirishani mwa jiko la nje, na akisikiliza kila kitu kuanzia salamu za wagonjwa mpaka bei za mazao. Zaidi ya hayo, ile milio ya redio ya kila saa ndiyo waliyokuwa wakilinganishia saa ya mzee, mama mkwe akimsikilizia. Nilipoambiwa nilishika kichwa. Sasa walikuwa na saa isiyosimama, na hawakuwa na pa kujua kama inasema kweli. Saa kavu namna ile huachwa nyuma kidogo kidogo kila siku, na kisanduku hakijui kusahihisha.

"Mama, umekubali?" nikamuuliza nilipomkuta anapepeta maharage.

"Mimi nani nikatae?" akasema, akaendelea kupepeta. Akacheka kidogo peke yake. Sikuelewa anacheka nini.

Ajabu ni kwamba kengele ikanyooka. Abiria wa lori la Rhotia walinisimulia Karatu: kengele ya mzee siku hizi haikosei, ukitaka kulinganisha saa yako lenga rimu. Wazee wa kanisa wakaja tena, safari hii kumsifu. Yule mwenye saa ya betri, waliniambia, alikuwa ndiye wa kwanza kulinganisha yake. Na mzee, kila nilipokwenda kumwona, alinyoosha fimbo kuelekea juu ya kabati na kusema, "Unaiona mashine, mkwe? Unaiona?" Nami nikaitazama kwa chuki, nikasema, "Naiona, Baba." Nilianza hata kujishuku. Nililala nikifikiria kama kweli niliyofundishwa kuhusu springi na mafuta yalikuwa sawa.

Siku ya kukata plasta tulikusanyika wote. Mzee alirudi kutoka hospitali kwa lori, amekaa mbele na dereva, mguu umekonda na mweupe kwa unga wa plasta. Akaketishwa kwenye kiti chake. Mama mkwe alikuwa amechinja kuku. Shemeji alikuwa ameshuka kutoka kreta amevaa koti, maana kule juu ukungu hauna huruma, na hata ndani ya nyumba hakulivua ili tulione.

"Kabla ya kula," mzee akasema, "mkwe, ishushe ile mashine. Uifunue mbele ya shemeji yako. Leo nataka ukiri."

Nilikishusha. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyokikumbuka. Nikakiweka mezani, shemeji akajisogeza karibu na uso wa ushindi, nikafunua.

Mto ulikuwepo, umetulia. Saa haimo. Nikafungua upande wa betri. Mawe hayamo. Palikuwa na punje mbili za mahindi na buibui.

Shemeji alitazama ndani, akatazama chini ya meza. Mzee akanyanyuka nusu, akashika kiti.

"Wameiba!"

Kutoka jikoni, kule nje, tukasikia sauti ya redio ikiimba. Ilikuwa ikiimba muda wote, sisi tulikuwa tumeizoea hata tukasahau kwamba ilinyang'anywa mawe, na mzee kwa masikio yake ya trekta hakuwa akiisikia. Mama mkwe alisimama mlangoni na sahani ya kuku. Akaiweka mezani polepole, akavuta juu mkono wa sweta lake. Saa ilikuwa pale, imepandishwa karibu na kiwiko, kwa sababu mkanda wake wa chuma ulikuwa mkubwa mno kwa kifundo cha mkono wake.

"Mawe niliyarudisha kwenye redio siku ile ile," akasema. "Nikaona saa inataka mkono. Mkono ninao."

Alikuwa amekwenda nayo kuchota maji, kukamua, kupalilia, kupepeta, kufua. Usiku aliivua akaiweka chini ya mto, na haikusimama, maana ilikwenda kulala imeshiba. Asubuhi redio ilipopiga milio yake, alilinganisha mishale, akaenda kugonga rimu. Kisanduku alikifunga kifuniko, akawa anajifanya kukichungulia, ili mgonjwa asipate wasiwasi. Kwa hiyo kengele iliyosifiwa Rhotia nzima haikuwa ya mashine, wala, nikisema kweli, haikuwa ya mzee.

Nilicheka mpaka nikalazimika kushika ukuta. Shemeji alijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka ndani ya koti lake. Lakini nilipomtazama mzee nilikata kicheko. Hakuwa anacheka. Alikuwa anautazama ule mkono wa mkewe, wenye magamba ya unga na makovu ya moto, na saa yake ya kuagwa juu yake.

"Wakati wote huu," akasema, "nikipiga kelele 'tayari', wewe ulikuwa umeshafika kwenye mti?"

"Nilikuwa nasubiri unipigie kelele," akajibu. "Ndipo nagonga. Ukichelewa nakohoa karibu na dirisha."

Akanyoosha mkono. Mama mkwe akaivua saa, akampa. Yeye akanipa mimi, na safari hii bila masharti: nenda kaioshe.

Nilikaa nayo Karatu siku kadhaa. Nilipoifungua, pembeni ya ekseli ya bawa nilikuta unga mweusi wa chuma, kama nilivyotarajia, na ukingo wa bawa ulikuwa umeanza kupata alama mahali palipogusa mfuniko. Ni zile wiki za kuzunguka bila kupumzika juu ya ekseli kavu. Kilichobaki kilikuwa salama. Nilimwonyesha fundi nguo kwa lenzi, akasema haoni kitu, nami nikafurahi hivyo hivyo. Ninavyoamini tangu siku ile ni hivi: saa safi yenye mafuta haitauawa na kisanduku kinachojua upande wake na kupumzika, na mtu mwenye saa nyingi kitampunguzia kazi ya kurekebisha tarehe. Lakini saa kavu haiponi kwa kuzungushwa. Shemeji nilimwambia hayo kwa barua ndefu. Hakujibu.

Niliirudisha Jumamosi. Mzee alikuwa uani, anatembea kwa fimbo kutoka kwenye kiti mpaka kwenye zizi na kurudi. Nikampa saa. Akaiweka sikioni, sikio zuri, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamsubiri aivae. Hakuivaa.

"Mama," akaita, "njoo hapa ulete mkono wako."

Akamvalisha mwenyewe. Ikaning'inia kama pete ya ng'ombe. Akanigeukia.

"Mkwe, unaweza kuupunguza huu mkanda?"

Nilikuwa na vifaa vyangu mfukoni. Nikakaa chini kwenye kigoda, nikachomoa pini, nikatoa pingili za chuma moja baada ya nyingine mpaka mkanda ukakaa sawa kwenye kifundo cha mkono wa mama mkwe. Yeye alitazama pembeni, kama hahusiki, lakini mkono aliuacha pale pale. Pingili zilizobaki nikaziweka kwenye kiganja cha mzee.

"Zitunze, Baba," nikasema. "Siku ukitaka kuivaa tena, nitazirudisha."

Akazitazama, akazicheza kiganjani.

"Za nini?" akasema, akazitupa kwenye shimo la taka, akaenda kukaa dirishani kusubiri kengele ya jioni.